Shajara ya kadi 80: italiki kwa mkono wa kushoto

4 Aprili

Binamu yangu anaolewa Mei 30, na leo ameniletea kadi 80 za mwaliko niandike majina ya wageni kwa mkono. Kadi zimeshachapwa. Ndani, upande wa kulia, kuna mstari wa vitone wenye urefu wa sentimita 11, na juu yake pameachwa nafasi ya jina. Anataka mwandiko wa italiki, ule wa herufi nyembamba zinazoinama kidogo kulia, zenye mistari minene na myembamba inayopishana. Amenipa na kadi 10 za ziada kwa ajili ya kuharibika.

Mimi ni mashoto. Italiki nimeifanya miaka miwili kwa kalamu ya wino ya kawaida, lakini kwa nibu pana, ile ncha ya chuma ya kuchovya wino, nimeigusa mara chache tu, na kila mara niliishia na upande wa kiganja mweusi kama wa fundi baiskeli. Naanza shajara hii ili nikumbuke kipi kilifaa, maana vitabu vyote nilivyoviona vinamwelekeza mtu wa mkono wa kulia, kisha mashoto anaambiwa kwa sentensi moja "geuza karatasi". Ageuze kiasi gani, kuelekea wapi, hakuna anayesema.

5 Aprili

Leo sijagusa kadi. Nimepima pembe tu, na sidhani kuna siku nyingine nitakayojifunza mengi kama leo.

Katika italiki, ukingo wa nibu hukaa kwa pembe ya nyuzi 45 hivi na mstari unaoandikia, ukipanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu. Pembe hiyo ndiyo inayoamua wapi herufi iwe nene na wapi iwe nyembamba. Mtu wa mkono wa kulia huipata karibu bila kujua, kwa kuwa mpini wa kalamu yake unatokea kulia chini. Wangu unatokea kushoto chini, kwa hiyo ukingo wa nibu iliyokatwa mraba unalala kinyume.

Namna ya kupima ni hii. Shika kalamu kama kawaida yako, weka karatasi wima mbele yako, kisha bila kugeuza vidole tafuta mwelekeo ambao nibu inachora mstari mwembamba kuliko yote, unene wa uzi. Mwelekeo huo ndio pembe ya ukingo. Weka kipimapembe juu yake. Mstari wangu haukupanda hata kidogo. Uliteremka kwenda kulia kwa nyuzi 25. Nikaandika herufi v kuhakikisha. Mguu wake wa kwanza unatakiwa uwe mnene na wa pili mwembamba, lakini yangu ilikuwa kinyume kabisa, kama v inayotazamwa kwenye kioo. Ukiona hivyo usihangaike na umbo la herufi, kwani tatizo ni pembe.

Kwa hiyo kutoka 25 chini ya mstari hadi 45 juu yake, nina deni la nyuzi 70. Hakuna kifundo cha mkono kitakacholipa deni hilo peke yake. Nilijaribu kwa dakika kumi, mshipa wa kifundo ukaanza kuuma.

Nikabana kiwiko kwenye ubavu na kukigeuza kiganja kidogo kushoto, kiasi ambacho mkono unakaa bila kukazana. Nikapima tena: mstari unateremka kwa nyuzi 10. Nimelipa 15, zimebaki 55.

Hapo njia ziko mbili. Ya kwanza ni kugeuza karatasi kwa nyuzi zote 55, kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, upande wa juu ukienda kulia. Wapo mashoto wanaokwenda mbali zaidi na kuigeuza nyuzi 90, wakaandika mstari ukishuka kuja kifuani. Inafanya kazi, na mkono haugusi wino hata mara moja. Nimeijaribu, lakini jicho langu halikuweza kupima nafasi kati ya herufi zilizolala ubavu. Kila jina lilitoka na mapengo. Mtu aliyeanza hivyo tangu utotoni hataona shida ninayoiona mimi.

Njia ya pili ni kuipa nibu yenyewe sehemu ya deni, kwa kuikata mshazari.

6 Aprili

Nibu za mashoto zipo sokoni. Speedball ya Marekani inazo, za herufi LC, na za William Mitchell za Uingereza nazo zina seti ya mkono wa kushoto. Ukizitazama kwa juu, ncha ikielekea mbele yako, ukingo wake umekatwa kama vidole vya mguu wa kushoto: upande wa kulia umetangulia, wa kushoto umerudi nyuma. Mkato huo ndio unaoongeza pembe kabla hujageuza chochote. Hapa Tanga sikuzipata, na kuagiza ni wiki kadhaa. Ninazo nibu sita za mraba, za milimita 1.5 na milimita 1.

Kwanza nilipaswa kuchagua upana. Mwili wa herufi ya italiki, yaani kimo cha a au n, ni upana wa nibu mara tano. Kwa nibu ya milimita 1.5 mwili unakuwa milimita 7.5, na kwangu mimi kila herufi pamoja na nafasi yake ilichukua wastani wa milimita 6. Jina refu kwenye orodha lina herufi 21 ukihesabu "Bw. na Bi." na nafasi zake. Hiyo ni milimita 126, na mstari una 110. Nibu ya milimita 1 inatoa mwili wa milimita 5 na herufi ya milimita 4, jina lote likaingia katika milimita 84. Nimechagua ya milimita 1. Nibu nyembamba ina faida nyingine kwa mashoto: inaacha wino kidogo, na wino kidogo hukauka mapema.

7 Aprili

Nimekwenda kwa mzee fundi saa wa barabara ya pili, aniazime jiwe laini na lenzi yake ya jicho.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unataka kunoa nini tena?"

Nilipomwonyesha nibu alicheka, kisha akaichukua kazi kwa moyo kama saa ya mtu. Yeye ndiye aliyenionya nisinoe kavu, maana unga wa chuma unaziba jiwe. Tukaweka tone la maji juu ya jiwe.

Nilitaka mkato wa nyuzi 20. Kwa nibu ya milimita 1, hiyo maana yake ni kuondoa kama theluthi moja ya milimita kwenye kona ya kushoto, na kutogusa kona ya kulia. Ni kidogo sana. Nibu ya kwanza niliiharibu kwa kusugua mara kumi bila kutazama, mkato ukapita nyuzi 30 na upande wa kushoto haukugusa tena karatasi. Ya pili nilisugua mara mbili, nikatazama kwa lenzi, mara mbili, nikatazama. Baada ya hapo nikailaza na kuusugua uso wa juu kwa mshazari ili ukingo uwe mkali tena, kisha nikapitisha upande wa chini mara moja tu, kwa wepesi, kuondoa ukwaru uliobaki. Babu akasema nizizungushe kidogo zile kona mbili, la sivyo zitakwangua karatasi. Alikuwa sahihi. Kabla ya kuzizungusha, nibu ilikuwa ikinasa nyuzinyuzi za karatasi na kutapika wino.

Nibu mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Nimeiosha kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani. Usipofanya hivyo wino unajikunja kwenye matone juu ya chuma, halafu unateremka wote kwa mpigo, na utadhani wino ni mbaya.

8 Aprili

Hesabu imetimia. Nyuzi 70 za deni: kiwiko kimelipa 15, nibu imelipa 20, zimebaki 35 za karatasi. Nimebandika utepe mweupe juu ya meza kwa pembe hiyo, ili kila kadi niiegemeze hapo bila kupima upya.

Kisha nikaandika v. Mnene, mwembamba. Nikaandika n, a, m. Sijui nielezeje furaha yake. Miaka miwili nimekuwa nikidhani mkono wangu hauna kipaji cha mistari minene, kumbe ulikuwa ukitazama upande mwingine tu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba karatasi ikiwa imegeuzwa nyuzi 35, mistari ya kushuka inakuja moja kwa moja kwenye kiwiko changu. Navuta, sisukumi. Na kiganja, ambacho zamani kilifuata nyuma ya kalamu kikifagia kila neno, sasa kinakaa chini ya mstari, kwenye karatasi tupu. Nimeandika ukurasa mzima wa mazoezi na kiganja kimetoka safi. Kumbe kupakaza wino na kukosa pembe ni ugonjwa mmoja.

Wapo mashoto wanaoandika mkono ukiwa umekunjwa juu ya mstari, kama ndoana. Kaka yangu mmoja yuko hivyo. Nilimpa nibu ya mraba ambayo sijaikata, karatasi ikiwa wima, akapata nyuzi 45 papo hapo, kwa kuwa mpini wake unatokea kushoto juu. Kwa hiyo mtu wa ndoana hahitaji nibu ya mshazari hata kidogo. Gharama yake iko kwingine: kiganja chake kinalala juu ya maneno aliyotoka kuyaandika. Yeye lazima angojee kila mstari ukauke, au aweke karatasi ya kufunika juu yake, na hata hiyo aibandue kwa kuinyanyua, asiiburute.

11 Aprili

Masika yamekolea, mvua tangu alfajiri. Nimejaribu wino kwenye kadi moja ya ziada.

Kadi hizi ni za karatasi inayong'aa. Uso wake umepakwa, haunywi wino, kwa hiyo wino unabaki juu na kukauka kwa hewa tu. Na hewa ya leo imeshiba maji. Nilichora mistari kumi na miwili mifupi, kisha kila baada ya nusu dakika nikapitisha tishu safi juu ya mmoja. Kwenye karatasi ya kawaida isiyong'aa, mstari wa dakika ya kwanza haukuacha alama. Kwenye kadi, mstari wa dakika ya nne ulikuwa bado unapakaa. Ule wa dakika ya sita ulisimama.

Nilijaribu pia rangi ya guashi iliyoyeyushwa kwa maji hadi kufikia uzito wa maziwa. Ilikauka kama dakika mbili kabla ya wino. Lakini guashi huyeyuka tena ikipata maji. Nilipoigusa baadaye kwa kidole chenye jasho, jina liliondoka. Kadi za harusi zitashikwa na mikono mingi, kwenye joto, kwenye daladala. Nimebaki na wino mweusi usioyeyuka, ule wenye lakiri ndani, ambao ni wa kuchovya tu. Ukiutia kwenye kalamu yenye tangi utagandia ndani na kuiua.

Kuna sehemu za kadi ambapo wino ulikuwa ukikimbia katikati ya herufi, ukiacha madoa matupu. Hayo ni mafuta ya vidole, vya mchapaji au vyangu. Nimesaga chaki nyeupe ikawa unga laini, nikaipitisha kwa pamba juu ya sehemu ya jina, nikapangusa hadi isionekane. Wino ukashika. Tangu hapo naweka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja wakati wote. Watu hudhani kinazuia kupakaza, lakini kwangu mimi kazi yake kubwa ni kuzuia jasho lisifike kwenye kadi kabla ya kalamu.

12 Aprili

Kadi 16 za kwanza. Nimeharibu mbili.

Makosa yote mawili yalikuwa ya wino mwingi. Nilichovya nibu hadi shingoni, na herufi ya kwanza ikaacha kidimbwi kwenye mguu wake. Kidimbwi hicho kilikuwa bado kibichi wakati sehemu nyingine ya jina imekauka, na kwa jicho la juu hukioni. Nimehamisha taa. Ilikuwa kushoto, ikitupa kivuli cha mkono juu ya nibu. Sasa iko kulia, chini, na mwanga wake unapita juu ya kadi kwa kulala. Wino mbichi unang'aa kama jicho, mkavu hauna mng'ao. Kwa wino wangu hiyo ndiyo njia ya kujua bila kugusa.

Sasa nachovya robo tatu ya tundu la nibu, napangusa upande wa chini kwenye mdomo wa chupa, halafu napiga mistari miwili kwenye karatasi chakavu kabla ya kugusa kadi. Chupa nayo nimeihamisha, iko kushoto. Ilikuwa kulia, na kila nilipochovya mkono ulikuwa ukivuka juu ya kadi na nibu iliyojaa.

Msalaba wa herufi t ulinisumbua. Nilipouchora kutoka kushoto kwenda kulia mwisho kabisa, ncha ilikwama mara moja ikanyunyiza vitone vidogo. Nimeanza kuuchora kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuvuta, na hakuna anayeweza kuona tofauti. Mistari ya kupanda, kama ule wa kuunganisha n, naigusa kwa uzito wa kalamu tu.

18 Aprili

Hasara kubwa ya mradi mzima imetokea leo, na haikutoka kwenye mkono wangu wa kushoto.

Jana usiku nilimaliza kadi 22. Nilizigusa kwa kidole, zilikuwa kavu, nikazikunja na kuzipanga rundo moja ili kupata nafasi mezani. Asubuhi nilipofungua, sita za chini zilikuwa zimechapa jina upande wa pili wa kadi, kivuli cha kijivu kilichosomeka kinyume. Kukauka kwa kugusa si kukauka kwa kubanwa. Tabaka la juu la wino lilikuwa limeshika, chini yake bado palikuwa laini, na uzito wa rundo ukafanya kazi kama mashine ya kuchapa.

Binamu alipita jioni. Nilimwambia.

"Dada, zimebaki za ziada ngapi?"

"Moja."

Alinyamaza, akahesabu wageni, akasema watu wawili wa ukoo mmoja wanaweza kupata kadi moja. Nilishukuru, lakini sitaki ifike huko.

Nimefunga kamba mbili chumbani, ukuta hadi ukuta, na kadi zinaning'inia wazi, zimetandazwa kama samaki wa kukausha, usiku mzima kabla ya kukunjwa. Feni naiwasha kwa upande wa kamba tu. Nilipoielekeza mezani ilikausha wino kwenye nibu kabla haujafika kwenye kadi, na mstari ukakatika katikati ya jina.

19 Aprili

Utaratibu umetulia. Naweka kadi nane kwenye meza ndefu ya mama, naandika moja baada ya nyingine nikihama mimi na kipande changu cha utepe, wala sirudi nyuma. Jina moja linachukua kama dakika moja na nusu. Nikimaliza ya nane, ya kwanza ina zaidi ya dakika kumi, na ninaweza kuinyanyua kwa kingo. Nane zaenda kwenye kamba, nane nyingine zinakuja.

Ndani ya jina moja, kadi ndiyo ninayoisogeza, mkono hausogei. Hili nililigundua kwa majina marefu. Nikiuacha mkono usafiri hadi mwisho wa mstari, kiwiko kinabanduka ubavuni, na zile nyuzi 15 zilizokuwa zimelipwa zinarudi. Herufi za mwisho zinakuwa na mistari minene mahali pasipotakiwa. Ukiona jina linaanza vizuri na kuharibika kuelekea mwisho, tazama kiwiko. Sasa katikati ya jina nainua kalamu, navuta kadi kushoto sentimita nne kwa mkono wa kulia, na kuendelea.

Mama alikuwa amekaa pembeni akinitazama. Akasema katika chuo chao cha Kurani mashoto walifungwa mkono wa kushoto kwa kitambaa ili waandike kwa wa kulia. Nikafikiri: hati ya Kiarabu, iliyoandikiwa Kiswahili cha pwani kwa karne nyingi, inakwenda kutoka kulia kwenda kushoto. Mkono wa kushoto ungekuwa ukiukimbia wino wake wakati wote. Mtoto yule aliyefungwa kitambaa ndiye pekee darasani ambaye asingechafua ukurasa.

25 Aprili

Kadi 77 zimekamilika, zimekauka, zimekunjwa. Zimebaki tatu na nina kadi nne.

Nibu niliyoikata kwa babu imeanza kuchoka. Mistari myembamba si uzi tena, imenenepa. Kwa lenzi ukingo umekuwa wa mviringo, hasa kona ya kulia inayobeba uzito zaidi kwenye mkato wa mshazari. Kwangu mimi imedumu majina 80 na zaidi kwenye karatasi hii. Nimekata nyingine, safari hii bila babu, na nilipopima mstari mwembamba kabisa kabla ya kugeuza karatasi ulipanda kwa nyuzi 8 badala ya 10. Nimeisogeza karatasi ifikie 37.

26 Aprili

Kadi 80. Tatu za mwisho zinaning'inia kwenye kamba, na utepe bado uko mezani.